Shiti Tatu, PDF Moja

Mwaka wa mwisho, siku moja kabla ya kukusanya ripoti, nilimpelekea msimamizi viambatisho vyangu. Akanirudishia palepale: "Bajeti iko wapi? Na mbona jedwali limekatika katikati?" Faili langu la Excel lilikuwa na shiti tatu: Bajeti, Data ya dodoso (watu 120, safu 18) na Ratiba. PDF ilikuwa na Data peke yake, kurasa 6, nusu ya safu huku na nusu kule.

Jambo la kujua ni kwamba Excel haina mpangilio mmoja wa ukurasa kwa faili zima. Kila shiti ina wake. Kwa hiyo panga moja moja.

Bajeti niliiacha wima. Kwenye Data nilifungua Page Layout, nikachagua karatasi ya A4 na Landscape, kisha kwenye Width nikaweka 1 page na Height nikaacha Automatic. Hapo safu zote 18 zinabanwa kwenye upana wa karatasi moja, na mistari inaendelea chini kurasa kwa kurasa. Ukiweka Height nayo 1, watu wote 120 watasongamana ukurasa mmoja na hakuna atakayesoma. Kisha Print Titles, sehemu ya Rows to repeat at top, niliandika `$1:$1` ili vichwa vya safu virudi kila ukurasa. Ratiba ni fupi, hiyo ndiyo niliipa 1 kwa 1, mlalo.

Hapa ndipo wengi wanajikwaa: usizichague shiti zote kwa pamoja wakati bado unapanga. Ukiona neno Group juu ya dirisha, jua kwamba ukigeuza moja kuwa mlalo, zote zinageuka. Bonyeza kulia kwenye jina la shiti, chagua Ungroup Sheets.

Sasa PDF yenyewe. Kwenye Windows nenda File, Save As, chagua aina ya PDF, halafu kabla ya kuhifadhi bonyeza Options. Kawaida imewekwa Active sheet(s), ndiyo maana Bajeti yangu ilipotea. Chagua Entire workbook. Shiti zitafuatana kama zilivyopangwa chini, kushoto kwenda kulia, na zilizofichwa hazitatoka.

Ukipitia Print badala ya Save As, unaweza kupata PDF mbili au tatu. Mara nyingi chanzo ni Print quality ndani ya Page Setup: shiti moja ina 600 dpi, nyingine 300. Zifanye sawa, au rudi tu kwenye Save As.

Yangu ilitoka kurasa 5: Bajeti 1, Data 3, Ratiba 1. Ihesabu yako hivyo kwenye kioo kabla hujaipeleka steshenari, maana huko unalipia hata kurasa zilizokatika.