Kumbukumbu ya Ua

Katika Undertale, mchezo wa kompyuta aliouunda Toby Fox mwaka 2015, Toriel anakulea kama mama, kisha anakuzuia mlangoni usiondoke. Wachezaji wengi humuua bila kukusudia. Roho inawauma, wanaufunga mchezo bila kuhifadhi, wanarudi nyuma na safari hii wanamsamehe.

Mbele kidogo ua liitwalo Flowey linawasubiri, nalo linawaambia wazi kwamba linajua walichokifanya. Mwili husisimka.

Flowey hana akili inayokumbuka. Mchezo una faili mbili. `file0` huandikwa unapohifadhi tu, hivyo ukirudi nyuma kifo kinafutika. Lakini Toriel anapokufa, mchezo huandika papo hapo alama nyingine kwenye `undertale.ini`, na faili hii hairudi nyuma pamoja nawe. Flowey anapotokea, mchezo hutazama alama zote mbili: aliwahi kuuawa, na sasa yu hai? Jibu likiwa ndiyo, hutolewa maneno yaliyoandikwa mapema kwa hali hiyo hiyo. Ukiifuta `undertale.ini`, Flowey anasahau kabisa.

Kazi ngumu, kwa maoni yangu, ni kuchagua alama. Kila alama isiyo na maneno yake ni bure, na mbili tu huzaa hali nne za kuandikiwa. Fox alichagua tendo ambalo mchezaji alidhani amelificha, ndiyo maana sentensi chache zinatosha kumtetemesha.