Kuafikiana Ufunguo wa Siri Hadharani: Simu ya Gihosha na Seva ya Benki

Simu iliyoko Gihosha, Bujumbura, inapofungua tovuti ya benki kwa mara ya kwanza, hukutana na seva isiyoijua, kwenye njia ambayo wengine waweza kuisikiliza. Namna ya kupata siri katika hali hiyo ilichapishwa na Diffie na Hellman mwaka 1976.

Kwa mfano wa namba ndogo, pande mbili hutangaza 2 na 13. Simu huficha kipeo 5: 2 kwa kipeo cha 5 ni 32, ambayo ikigawanywa kwa 13 hubaki 6. Hiyo 6 hutumwa. Seva huficha 4, hupata 16, na hutuma baki lake, 3. Kisha simu hupandisha 3 kwa kipeo cha 5, na seva 6 kwa kipeo cha 4. Zote hubakiwa na 9, namba ambayo haikupita njiani. Msikilizaji angeigundua upesi hapa, lakini si pale namba zinapokuwa na mamia ya tarakimu.

Hesabu hii, hata hivyo, haielezi nani yuko upande wa pili. Kwa hiyo katika itifaki ya TLS 1.3, ya mwaka 2018, seva hutia sahihi ya kidijitali inayothibitishwa kwa cheti chake. Onyo la cheti likipuuzwa, ufunguo waweza kuafikiwa barabara, ila na tapeli aliyejipachika katikati.