Kabichi zisizofunga na maandishi ya nyuma ya ankara

Desemba 1973, wakulima wa kampuni moja ya Uskochi walinunua ratili 30 za mbegu ya kabichi ya majira ya baridi kutoka kwa kampuni ya mbegu iitwayo Finney Lock. Bei yake ilikuwa pauni 201.60. Wakapanda ekari 63, wakapalilia, wakangoja. Majani yalitoka, lakini kabichi hazikufunga. Mbegu iliyoletwa ilikuwa ya aina nyingine, na hata kwa aina hiyo haikuwa nzuri. Shamba zima likalimwa upya na mazao yakafukiwa. Hasara ilipita pauni 61,000.

Muuzaji alijibu kwa kuonyesha ankara. Nyuma yake paliandikwa kwamba mbegu ikiwa na kasoro, atabadilisha mbegu au kurudisha bei, basi. Hasara nyingine yoyote haimhusu. Maneno ya namna hii ndiyo wanasheria huyaita kifungu cha ukomo wa dhima. Kaka yake ni kifungu cha kujiondolea dhima yote, kile cha “mali ikipotea hatuhusiki”.

Swali la kwanza mahakamani huwa ni kama kifungu kiliingia katika mkataba kabisa. Saini ikiwapo, kwa kawaida ubishi umekwisha, hata kama aliyetia saini hakusoma. Pasipo saini, mwenye kifungu lazima athibitishe kwamba alimjulisha mwenzake kwa njia ya kutosha, na kabla hawajakubaliana. Mwaka 1949, hoteli moja ya Uingereza ilishindwa kwa sababu tangazo lake lilibandikwa chumbani, ilhali mgeni alikuwa ameshakubaliana nayo mapokezi. Mwaka 1971, mwenye maegesho ya magari ya Shoe Lane, London, alishindwa vilevile: tiketi iliyotolewa na mashine ilitaja masharti yaliyobandikwa ndani, na mojawapo lilimwondolea dhima hata mteja akiumia. Majaji walisema sharti zito kiasi hicho linataka kuonyeshwa wazi zaidi.

Wakulima wetu hawakuwa na kinga hiyo. Walikuwa wamenunua kwa muuzaji huyo kwa miaka, ankara zilikuja na maandishi yaleyale, na biashara yote ya mbegu iliyajua. Mazoea hayo yalitosha kukiingiza kifungu.

Swali la pili ni maana ya maneno. Hapa mahakama hufuata kanuni ya zamani: penye utata, maneno husomwa dhidi ya aliyeyaandika. Baadhi ya majaji waliikaza kanuni hiyo sana, wakisema kifungu kilihusu mbegu iliyoagizwa, na hii haikuwa hiyo. Baraza la Malodi, mahakama ya juu wakati ule, lilikataa mwaka 1983. Maneno yalikuwa wazi, na kifungu cha ukomo hakisomwi kwa ukali uleule wa kifungu kinachofuta dhima yote. Naona walifanya vyema: kupinda lugha ili kumwokoa mnyonge huacha kila mkataba unaofuata katika mashaka.

Wakulima waliokolewa na swali la tatu, la sheria iliyotungwa na Bunge. Sheria ya mauzo ya bidhaa iliruhusu mahakama kukikataa kifungu ikiwa si haki kukitegemea. Malodi wakapima. Upande wa muuzaji, chama cha wakulima hakikuwahi kulalamikia sharti hilo. Upande wa pili, wauzaji wenyewe walikuwa na desturi ya kulipa zaidi ya bei pale walipoona dai ni la kweli, maana yake hata wao hawakuliona sharti kuwa la haki. Kosa lilitokana na uzembe upande wao, na mkulima hakuwa na njia ya kuitambua mbegu kwa macho. Tena wangeweza kukata bima bila kupandisha bei sana. Muuzaji akaamriwa kulipa hasara yote, pamoja na riba.

Leo Uingereza haiachii yote kwenye kupima. Sheria ya 1977 inakataza biashara kujiondolea dhima ya kifo au majeraha yaliyotokana na uzembe wake, hata kifungu kiandikwe wazi namna gani. Tangu 2015 mlaji wa kawaida ana sheria yake: sharti lisilo la haki halimfungi.

Kenya ilirithi kanuni za mikataba za Kiingereza, kwa hiyo maswali mawili ya kwanza yanaulizwa Nairobi pia. La tatu halikurithiwa, kwa kuwa sheria ya 1977 ni ya Uingereza. Kwa hilo Mkenya ana Ibara ya 46 ya Katiba, inayompa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro, pamoja na Sheria ya Kulinda Walaji ya 2012. Mwenye dai la mbegu atunze pakiti, ankara na mbegu kidogo iliyobaki, na apige picha za shamba kabla ya kulilima upya. Aandike pia ni lini alipewa karatasi yenye masharti: kabla ya kulipa, au baada.