Ukurasa mmoja kati ya wasifu na usaili

Muhtasari wa mwombaji ni waraka mfupi ambao wakala wa ajira humwandikia mwajiri anayetafuta mfanyakazi, ukionyesha sharti kwa sharti jinsi wasifu wa mwombaji unavyolingana na kazi iliyotangazwa. Kwa kawaida hauzidi ukurasa mmoja. Huwekwa juu ya wasifu wenyewe, na mara nyingi ndio unaoamua kama wasifu huo utasomwa hadi mwisho au utawekwa kando.

Sehemu kubwa ya muhtasari huwa ni jedwali la safu tatu. Safu ya kwanza ina sharti kama mwajiri alivyoliandika, bila kulainishwa. Ya pili ina ushahidi: mwombaji alifanya nini, wapi na lini. Ya tatu ina hukumu fupi: anakidhi, anakidhi kwa sehemu, hakidhi, au haijajulikana. Masharti ya lazima hutangulia, na yale ambayo mwajiri angependa tu kuyaona hufuata.

Mfano wa kubuni unaweza kuonyesha kazi inavyokwenda. Kampuni ya jumla ya vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam inatafuta mhasibu. Masharti yake ya lazima ni manne: awe na CPA(T), awe na uzoefu wa uhasibu usiopungua miaka 5, awe amewahi kuandaa marejesho ya VAT, na awe amesimamia wafanyakazi walio chini yake. La tano, ambalo si la lazima, ni kuijua programu ya Tally. Machi 2025 wakala anapokea wasifu wa mama mmoja ambao mstari wake wa kwanza unasema ana “uzoefu wa zaidi ya miaka 8”.

Sharti la CPA(T) lina njia yake ya kuthibitishwa. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, yaani NBAA, ndiyo inayotahini na kusajili wahasibu Tanzania, lakini kufaulu mtihani ni jambo moja na kusajiliwa ni jingine. Kwa hiyo wakala haandiki tu “ana CPA(T)”. Anaomba cheti cha usajili, anakilinganisha na jina lililo kwenye vyeti vingine, kisha anaandika: “Amesajiliwa na NBAA mwaka 2022, cheti kimeonekana. Anakidhi.” Neno “kimeonekana” lina uzito, kwa sababu linamwambia mwajiri kwamba hukumu haikutokana na maneno ya mwombaji peke yake.

Uzoefu ndio unaopotosha zaidi. Wasifu unaonyesha kwamba mwombaji alikuwa karani wa hesabu kuanzia Machi 2017 hadi Juni 2019, kisha mhasibu kuanzia Septemba 2020 hadi sasa. Anayehesabu kutoka mwanzo hadi mwisho anapata miaka 8 na mwezi 1, na hapo ndipo ile miaka 8 ya mstari wa kwanza ilipotoka. Wakala makini huhesabu kwa miezi. Kazi ya kwanza ina miezi 28 na ya pili miezi 55, jumla 83, ambayo ni miaka 6 na miezi 11. Miezi 14 ya katikati haikuwa na ajira, na mwombaji anapoulizwa anaeleza kwamba alikuwa akisomea mitihani ya bodi.

Hata hivyo hesabu haijaisha, kwa kuwa ukarani wa hesabu si uhasibu kamili. Kwa cheo cha mhasibu pekee, mwombaji ana miaka 4 na miezi 7, pungufu kidogo ya kinachotakiwa. Muhtasari unaomheshimu mwajiri hauchagui takwimu inayopendeza. Unaandika zote mbili: “Miaka 6 na miezi 11 katika kazi za hesabu, ambayo kati yake miaka 4 na miezi 7 ni akiwa mhasibu. Anakidhi ikiwa kazi ya ukarani itahesabiwa.” Uamuzi unabaki kwa mwajiri, maana yeye ndiye anayejua kwa nini aliandika 5.

Kuhusu VAT, wasifu unasema tu “nashughulikia masuala ya kodi”. Maneno hayo yanaweza kumaanisha chochote, kuanzia kuandaa marejesho hadi kupeleka karatasi benki. Hapo wakala hupiga simu na kuuliza mwezi mmoja wa kazi unavyokwenda. Mwombaji anaeleza kwamba hulinganisha ripoti za Z za mashine ya EFD na daftari la mauzo, huchambua ankara za manunuzi, kisha huwasilisha marejesho TRA kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Aliyesimama kando akitazama hawezi kutoa maelezo hayo kwa mpangilio huo. Muhtasari unayabana katika sentensi mbili, na kuongeza kwamba yametolewa kwa simu.

Usimamizi haumo kabisa katika wasifu. Kwenye simu hiyo hiyo mwombaji anasema anasimamia makarani wawili. Mdhamini wa kazi yake ya sasa bado hawezi kuulizwa, kwa sababu mwajiri wake hajui kwamba anatafuta kazi kwingine, na kumpigia bila ridhaa ya mwombaji kunaweza kumponza. Safu ya tatu itasomeka: “Haijathibitishwa, ni kwa maelezo yake mwenyewe.” Kwa Tally jibu ni fupi zaidi: “Hakidhi. Ametumia QuickBooks tangu 2020.” Sentensi ya pili inampa mwajiri kipimo cha jinsi pengo lilivyo kubwa, bila kujaribu kulificha.

Yapo mambo yasiyoingia katika waraka huu hata kama yamo kwenye wasifu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi kama dini, kabila, umri, ujauzito na hali ya ndoa, kwa hiyo wakala makini huyaacha. Jina na namba ya simu pia huondolewa mara nyingi, ili mteja asimpate mwombaji kwa mlango wa nyuma na kumkwepa wakala. Ridhaa ya mwombaji hutakiwa kabla taarifa zake hazijapelekwa kwa mteja, hasa tangu ilipotungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Muhtasari mbovu hutambulika upesi. Safu yake ya ushahidi hurudia maneno ya tangazo: tangazo likitaka “uwezo wa kuongoza timu”, nao husema mwombaji “ana uwezo mkubwa wa kuongoza timu”. Hauna tarehe wala jina la kazi iliyofanywa, na kila mstari huishia na “anakidhi”. Njia rahisi ya kuupima ni kufunika safu ya masharti kwa karatasi na kusoma ushahidi peke yake. Ikiwa mistari hiyo ingemfaa mhasibu yeyote mjini, wakala hakusoma wasifu, alisoma tangazo.

Kwa mwombaji wa mfano huu, ukurasa unafungwa na mambo matatu ya kwenda nayo kwenye usaili: ni kazi gani hasa alizofanya alipokuwa karani, anagawaje kazi kwa makarani wake wawili, na anaweza kuingiza ankara chache katika Tally akielekezwa kwa nusu saa. Mdhamini wa kazi ya sasa atapigiwa simu baadaye, mwombaji akisharidhia.