Namna jeni ya mpunga usiokufa mafurikoni ilivyosakwa

Mpunga hupenda maji, lakini ukifunikwa wote, majani na mashina, kwa wiki moja au mbili, aina nyingi hufa. Huko Odisha, mashariki mwa India, kulikuwa na mbegu ya kienyeji iliyostahimili hali hiyo, ambayo watafiti waliiita FR13A. Mavuno yake ni haba, kwa hiyo walichokitaka si mpunga wenyewe bali kile kipande cha vinasaba kinachouokoa. Mpunga una kromosomu 12. Kipande hicho kiko kwenye ipi, na sehemu gani?

Mwaka 1996 Kenong Xu na David Mackill walichapisha jibu. Walichukua mpunga uliorithi ustahimilivu wa FR13A wakauchavusha na mwingine unaokufa upesi majini. Wazazi wote wawili walikuwa wa ukoo safi, maana yake nakala mbili za kila jeni ndani ya kila mmoja zilikuwa zinafanana. Kwa sababu hiyo, popote wazazi hao wanapotofautiana, kila kipande cha kromosomu ya mjukuu kinaweza kutambuliwa kimetoka kwa mzazi yupi. Walikuwa na wajukuu 169. Kwa kuwa mmea mmoja hautoshi kwa kipimo cha kuaminika, kila mjukuu alipimwa kupitia watoto wake, waliozamishwa majini na kupewa alama kulingana na walivyonusurika.

Kisha kazi ikawa ya kulinganisha. Katika kila kituo kilichowekewa alama kwenye kromosomu, wajukuu hugawanywa makundi matatu: wenye nakala mbili za mzazi mstahimilivu, wenye moja, na wasio nayo. Makundi yakitofautiana sana kwa kunusurika, huenda jeni inayotafutwa iko jirani.

Ukubwa wa ushahidi huo hupimwa kwa LOD, ambayo ni logi ya msingi wa 10. LOD ya 3 maana yake ni kwamba matokeo yaliyoonekana yanaelezeka vizuri mara 1,000 zaidi iwapo hapo pana jeni yenye athari kuliko iwapo hapana. Kwenye kromosomu ya 9, Xu na Mackill walipata LOD ya 36. Eneo hilo moja, waliloliita Sub1, lilieleza asilimia 69 ya tofauti zote za ustahimilivu.

Kwa kawaida mambo hayawi mepesi hivyo. Hesabu ya kukadiria ni hii:

LOD = (n/2) × log10(1/(1 − R²))

Hapa n ni idadi ya mimea, na R² ni sehemu ya tofauti inayoelezwa na jeni. Kwa mimea 169, jeni inayoeleza asilimia 10 hutoa LOD ya takriban 3.9, lakini ya asilimia 5 hutoa 1.9 tu na huenda isionekane kabisa. Ukiwa na mimea 400, jeni hiyohiyo ya asilimia 5 hufika 4.5. Zaidi ya hapo, kwa kuwa vituo vinavyopimwa ni vingi, kimoja kinaweza kupanda juu kwa bahati. Ndiyo maana watafiti huchanganya alama za mimea ovyo, labda mara 1,000, na kila mara huandika LOD kubwa kuliko zote. Kiwango ambacho ni asilimia 5 tu ya michanganyiko hiyo hukivuka ndicho kizingiti cha kukubali.

LOD kubwa husema jeni ipo. Haisemi iko mahali gani hasa. Kwa hilo tunahitaji masafa ya uhakika. Tuseme kilele ni 5.2 kwenye sentimogani ya 62. Tunashuka pande zote mbili hadi LOD ipungue kwa 1.5, yaani hadi 3.7. Kama hapo ni sentimogani ya 54 na ya 73, jeni inakadiriwa kuwa ndani ya sentimogani 19. Katika mpunga, masafa hayo yanabeba mamia ya jeni. Ni kama kuambiwa mtu anaishi Kariakoo bila kupewa mtaa wala nyumba.

Kinachopunguza masafa hayo ni mimea mingi zaidi, kwa sababu kila mmea huongeza nafasi ya kromosomu kukatika na kubadilishana vipande karibu na jeni. Kwa Sub1 walilazimika kukagua maelfu ya wajukuu. Mwaka 2006 jeni yenyewe, Sub1A, ikatangazwa: huzuia mmea kurefuka ovyo chini ya maji, ukabaki na sukari ya kuchipua tena maji yakipungua.

Ufinyu wa masafa ndio uliomfaa mkulima. Kipande kikubwa cha FR13A kingeweza kubeba pia jeni zinazopunguza mavuno. Kidogo kikaingizwa katika Swarna, mpunga unaopendwa India, ukabaki Swarna ileile, ila sasa unastahimili kuzama.