Baba Aliyeketi Barazani

Mwanamume ameketi ukingoni mwa baraza, ametugeuzia ubavu, macho kayashusha. Mbele yake sakafuni vimewekwa vitu viwili vidogo ambavyo jicho huchelewa kuvitambua: kiganja cha mtoto na mguu uliokatwa kifundoni. Nyuma kabisa wanaonekana watu wengine wawili.

Ni picha ya Nsala, iliyopigwa Baringa, Kongo, Mei 1904, na mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris. Nchi ilikuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, na eneo hilo lilishikwa na kampuni ya mpira ya ABIR. Wengi wetu tumeiona kwenye simu. Na kwa kuwa inachoma moyo, ndiyo inayowaponza wanafunzi wa historia wanapoandika insha ya vyanzo.

Nilipata kusoma insha moja iliyosema: “Picha hii inaonyesha askari wa Leopold wakikata mikono ya watoto ambao baba zao hawakutimiza kiwango cha mpira.” Rudi barazani uangalie tena. Askari hayupo. Hakuna anayekata. Mpira wenyewe hauonekani. Mwanafunzi hakuisoma picha, alisoma maneno yaliyobandikwa chini yake, kisha akayapa picha uzito wa ushahidi wayo.

Maneno hayo ni chanzo kingine kabisa, chenye mwandishi wake na tarehe yake. Leo picha huzunguka na maelezo kwamba binti alikatwa viungo ili kumwadhibu baba yake. Wamisionari wa wakati ule waliandika jambo jingine: kwamba Boali, binti wa Nsala mwenye umri wa kama miaka mitano, aliuawa na walinzi wa ABIR, na kiganja na mguu ndivyo vilivyobaki. Nsala alivileta misheni vikiwa vimefungwa kwenye majani. Tofauti hiyo si ndogo. Maelezo ya simu yanamfanya mtoto kuwa majeruhi, ya wamisionari yanamfanya kuwa maiti. Kwa hiyo kila unapokuta picha, andika kando tarehe mbili: ilipigwa lini, na maelezo haya yaliandikwa lini. Zikiachana kwa miaka mia, yale maelezo yanakueleza zaidi kuhusu aliyeyaandika kuliko kuhusu Baringa.

Halafu kuna suala la kupangwa. Nsala hakukutwa ameketi hivyo. Alice ndiye aliyemwomba akae barazani, viungo vikawekwa mbele yake, picha ikapigwa. Hapo wapo wanaoruka na kusema basi ni uongo. Hapana. Kupanga si kughushi. Kilichopangwa ni mkao, nafasi ya vitu na pembe ya kamera. Mtoto aliyekufa hakupangwa na mtu. Ila ukiandika kwamba picha imenasa huzuni ya Nsala ghafla, umekosea, maana utulivu ule una mkono wa mpigaji. Na mpigaji alikuwa na shabaha: picha hiyo iliingia katika kitabu cha E. D. Morel mwaka huohuo wa 1904, na picha zake zikamulikwa ukutani kwa taa katika mikutano ya hadhara Uingereza na Marekani.

Ukikuta nakala ambayo Nsala yuko peke yake na wale wawili wa nyuma hawapo, ujue imekatwa. Dalili ni ukingo uliobana mgongo au unaokatiza baraza ghafla. Tafuta nakala pana zaidi kabla hujaandika neno. Iliyokatwa inasimulia baba mpweke. Iliyo kamili inaonyesha kwamba pale palikuwa na watu, yaani msiba wenye mashahidi.

Sasa ile sentensi iandikwe upya. Mimi ningeiandika hivi: “Picha iliyopangwa na Harris inaonyesha Nsala mbele ya viungo vya mtoto; kwamba ni vya binti yake, na kwamba waliomuua ni walinzi wa ABIR, tunaambiwa na maandishi ya wamisionari.” Kisha mwanafunzi atafute wa kuwaunga mkono wasiokuwa upande wao. Yupo: Tume ya Uchunguzi aliyoiunda Leopold mwenyewe mwaka 1904 ilifika Baringa, ikasikiliza mashahidi, na ripoti yake ya 1905 ikakiri dhuluma za walinzi wa mpira. Chanzo kilichotoka upande wa mtuhumiwa kikikubali tuhuma kina nguvu ambayo picha peke yake haina.

Lakini swali la insha likiwa ni namna Waingereza walivyoshawishika kuipinga Dola Huru ya Kongo, mambo yanageuka. Hapo ule mpango wa barazani unakuwa ndio ushahidi wenyewe, na mwanafunzi akae nao: kwa nini ubavu na si uso, kwa nini viungo viko sakafuni na si mikononi mwa baba. Na wale wawili wa nyuma wasiachwe, hata kama la kuandika ni kwamba wapo na wanaonekana.