Waya wa wati 60 na waya wa wati 240

Chukua chaja ya kompyuta mpakato ya kawaida ya ofisini, ile ya wati 65, uisogeze karibu na macho. Kwenye maandishi madogo ya ubavuni, baada ya neno OUTPUT, utakuta kitu kinachofanana na hiki: 5V 3A, 9V 3A, 15V 3A, 20V 3.25A. Hizo ni jozi za volti na ampea ambazo chaja inaweza kutoa, na ukizidisha namba za jozi moja unapata wati zake. Ile ya mwisho, 20 mara 3.25, ni 65.

Sasa itazame hiyo 3.25. Waya wa USB-C ulioandikwa 60W mwisho wake ni ampea 3. Ukiuchomeka kwenye chaja hii, kompyuta itapata volti 20 kwa ampea 3, yaani wati 60, na zile 5 zilizobaki hazitoki. Waya haujaharibika, wala chaja si feki. Kila kimoja kimefanya kazi yake sawasawa, ila waya ule haukutengenezwa kwa chaja ile. Watu wengi hawakutani na jambo hili mpaka siku wanaponunua chaja mpya, kwa sababu chaja nyingi zinazokuja na kompyuta zina waya uliounganishwa moja kwa moja, na aliyezitengeneza alishapima waya wake. Chaja mpya ina tundu tupu, na mkono unakimbilia waya wa simu ulio karibu.

Chaja inajuaje kwamba waya huu ni wa ampea 3? Inauliza. Ndani ya kichwa cha waya wa ampea 5 kuna chipu ndogo, na mara unapochomeka, kabla umeme wowote mkubwa haujapita, chaja hutuma ujumbe kupitia njia nyembamba ya mawasiliano iliyomo kwenye waya. Chipu hujibu: mimi nabeba ampea 5, na kiwango changu cha volti ni hiki. Muda wote huo waya una volti 5 tu. Waya wa 60W hauhitaji kuwa na chipu hiyo, na mwingi hauna, hivyo swali linakosa jibu. Kwa kanuni za USB, waya uliokaa kimya huhesabiwa kuwa wa ampea 3. Chaja huipa kompyuta orodha iliyopunguzwa, kompyuta huchagua humo, ndipo volti hupanda hadi 20.

Kwa hiyo namba iliyo kwenye waya ni kikomo. Waya hausukumi wati. Ukichukua waya wa 240W ukauunganisha na chaja ya wati 45, utapata wati 45, na simu yako ikichomekwa kwenye waya huohuo itachukua kiasi inachohitaji tu. Hofu kwamba waya mkubwa utaunguza kifaa kidogo haina msingi, nami natamani wauzaji waache kuirudia.

Kikomo cha ampea kinatokana na joto. Kanuni zinaruhusu waya upoteze jumla ya volti 0.75 njiani, kwenda na kurudi. Kwa ampea 3, hasara hiyo ni wati 2.25 zinazogeuka joto na kusambaa kwenye urefu wote wa waya. Pitisha ampea 5 kwenye shaba ileile, na joto litafika wati 6.25, karibu mara tatu, kwa sababu joto hukua kwa mraba wa ampea. Ndiyo maana waya wa ampea 5 unahitaji shaba nene zaidi, na ndiyo maana unalazimika kujitambulisha kabla haujaaminiwa.

Kutoka hapo mtu angedhani waya wa 240W una shaba nene kuliko waya wa zamani wa 100W. Sivyo. Zote mbili hubeba ampea 5 zilezile, na kilichoongezeka ni volti. Mwaka 2021 USB-IF, umoja wa kampuni unaosimamia USB, ulitoa kanuni mpya zinazoruhusu volti 28, 36 na 48 badala ya kuishia 20. Chaja ya wati 140 ambayo Apple waliitoa mwaka huohuo hutumia volti 28 kwa ampea 5. Ile ya wati 180 ya kompyuta ya Framework Laptop 16 hutumia volti 36. Volti 48 mara 5 ndiyo 240. Shida ya volti nyingi ni cheche: ukichomoa waya wakati umeme mwingi unapita, cheche huruka kati ya pini na kuzila polepole, hivyo vichwa vya waya wa 240W vimeongezewa vipuri vya kuipunguza. Tangu hapo alama rasmi za kuuzia waya ni mbili tu, 60W na 240W. Waya wa 100W uliopo nyumbani bado ni mzuri, ila ukiufunga kwenye chaja ya wati 140, chipu yake haitajibu kuhusu volti za juu, nayo chaja itaishia wati 100.

Kwa mwenye kompyuta ya wati 65, upungufu wa wati 5 hauonekani sana. Betri itachelewa kidogo kujaa. Tabu huanza kwa kompyuta kubwa. Chukua ya chaja ya wati 100, mwenyewe anahariri video, mashine inakula wati 90, na waya ni wa 60W. Wati 30 zinazokosekana zinatoka kwenye betri. Betri ya wati-saa 75 iliyojaa itakauka kwa saa mbili na nusu, huku alama ya kuchaji ikiwaka muda wote. Kompyuta nyingine hazikubali kufika huko. Hupunguza kasi yenyewe, na mwenye nayo huanza kulaumu programu. Windows mara nyingi hutoa onyo kwamba chaja ni ya polepole, na watu hukimbilia kununua chaja nyingine ilhali kosa ni la waya.

Unaponunua, basi, kompyuta ya wati 45 inatosheka na waya wa 60W. Kuanzia wati 65, tafuta ulioandikwa 240W, au 100W kama ndio uliopo na chaja yako haizidi hapo. Usiutarajie pia uhamishe mafaili kwa kasi au kupeleka picha kwenye skrini ya nje, kwa maana waya mwingi wa kuchajia, hata wa 240W, una njia ya data ya USB 2.0 tu. Kasi huandikwa peke yake kwa Gbps.

Linabaki suala la maandishi ya uongo, kwani mtu anaweza kuchapa 240W kwenye waya wowote. Ipo mita ndogo ya USB-C inayochomekwa kati ya chaja na waya, yenye kioo kinachoonyesha volti na ampea. Tumia chaja ya wati 100, acha betri ya kompyuta kubwa ishuke hadi asilimia 20 hivi, kisha iwashe na uipe kazi nzito. Mita ikipanda hadi ampea 4 na kitu, waya una chipu. Ikigota kwenye 3 na haivuki, jaribu waya mwingine kwenye chaja na kompyuta zilezile. Huo wa pili ukivuka, wa kwanza ni wa wati 60, hata kama umeandikwa 240W. Ulio hatari zaidi ni ule wenye chipu inayojibu ampea 5 huku shaba yake ni nyembamba. Huo mita itausifu. Uache ufanye kazi kwa nusu saa, kisha gusa vichwa vyake na waya katikati: ukiwa vuguvugu ni kawaida, lakini kama vidole haviwezi kutulia hapo, uchomoe na usiutumie tena kwa kompyuta.